Familia ya Watu Saba: Noah au Prado?

Kaya ya watu saba ikitafuta gari Dar es Salaam, mjadala huishia kwenye majina mawili. Kuna Toyota Noah, pamoja na pacha wake Voxy, gari la milango ya kuteleza ambalo kila fundi wa mtaani amewahi kulifungua. Na kuna Land Cruiser Prado, gari la juu, zito, lenye chesisi yake na magurudumu manne yanayovuta. Yote mawili huja kutoka Japani yakiwa yametumika, na yote huuzwa kwa jina la gari la watu saba. Wanaume wakilijadili jambo hili barazani huzungumzia uimara na bei ya kuliuza baadaye. Ni mambo ya msingi, lakini gari la familia hutumika kwanza mlangoni, na huko ndiko ningependa tuanzie.

Tuchukue kaya moja ya Goba. Baba na mama, watoto wanne, na bibi mwenye umri wa miaka 70 na ushei ambaye magoti yamekuwa yakimsumbua. Watoto wawili wakubwa wako sekondari na wamerefuka kuliko mama yao. Mdogo ana miaka mitatu na husafiri kwenye kiti chake cha mtoto. Kutoka lami hadi getini kwao ni kilomita moja na nusu ya barabara ya udongo, yenye mashimo ya kawaida wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika. Kila Desemba huenda Moshi kwa babu wa upande wa mama. Hali ya kaya hii si ya ajabu, na karibu kila kitu kinachofanya uchaguzi kuwa mgumu kimo humo.

Watu wakisema gari ni la juu au la chini, mara nyingi humaanisha uwazi kati ya uvungu wa gari na barabara. Kwa bibi, vipimo vinavyomhusu ni vingine viwili: kutoka ardhini hadi sakafu ya mlango, na kutoka ardhini hadi juu ya kiti. Cha kwanza ndicho kimo ambacho goti lake litalazimika kuinuka. Cha pili ndicho kinachoamua kama ataketi tu, atajishusha kwa shida au atapanda. Kiti kinachomfaa mzee ni kile ambacho akikipa mgongo, ukingo wake unamgusa chini kidogo ya makalio. Hapo anarudi nyuma kidogo, anaketi, kisha anaingiza miguu. Saluni ndogo humshusha chini mno, na wakati wa kutoka hulazimika kuvutwa mikono. Prado humtaka apande.

Noah imekaa katikati, na tofauti kati ya vizazi vyake ni kubwa kuliko wauzaji wengi wanavyosema. Kizazi kilichotoka mwaka 2014 kilishushwa sakafu, na kimo cha kuingilia mlango wa pembeni ni kama sentimita 36. Kizazi cha kabla yake, cha 2007 hadi 2014, ambacho ndicho kimejaa mitaani, kiko juu kidogo kuliko hapo, lakini bado mtu mzima huingia kwa hatua moja bila kushika kitu cha kujivutia. Nenda na futi ya fundi uyapime yote mawili kabla ya kuamua. Sentimita tano zinaweza kuonekana kidogo kwa kijana, ila kwa goti lenye maumivu ndizo zinazoamua kama bibi atakubali kwenda kanisani au atasema amechoka.

Kwenye Prado, uvungu peke yake uko takriban sentimita 22 kutoka ardhini. Juu ya hapo kuna chesisi, na juu ya chesisi ndipo sakafu inapoanza. Matokeo yake mguu hauwezi kufika ndani kwa hatua moja, ndiyo maana gari huwekewa kidato cha pembeni. Kidato husaidia, lakini kinaigawa safari kuwa miondoko miwili: mzee anasimama kwa mguu mmoja kwenye ubao mwembamba, anajivuta kwa mpini, kisha anajigeuza akiwa bado hewani. Mvua ikiwa imenyesha, ubao huo huteleza. Mama aliyevaa dera au gauni refu hulazimika kulikusanya kwa mkono mmoja na kujishika kwa mwingine, na kama amebeba mtoto, hana mkono wa tatu. Haya hayaandikwi kwenye tangazo la kuuza gari, ila yatatokea kila siku kwa miaka yote mtakayokuwa nalo.

Mlango wenyewe nao una uzito wake. Mlango wa kuteleza haufunguki kwenda nje, hivyo mtoto akiufungua ghafla kwenye foleni hatamgonga dereva wa bodaboda anayepita katikati ya magari. Pia hufunguka wote hata gari likiwa limebanwa kwenye maegesho ya Kariakoo, na bibi anapata nafasi pana ya kugeuka. Kasoro yake ni mashine. Milango mingi ya Noah na Voxy huendeshwa na mota ya umeme na waya unaovuta, na waya ukianza kulika utasikia mlango unanguruma, unasita katikati au unarudi nyuma wenyewe. Jaribu kila mlango mara kadhaa, kwa kitufe na kwa mkono. Ukiwa na mzee ambaye miguu imechoka kabisa, ujue kwamba Toyota hutengeneza magari ya kuhudumia wenye shida ya kutembea kwa jina la Welcab, na zipo Noah, Voxy na Alphard za aina hiyo ambazo kiti kimoja huzunguka, hutoka nje na kushuka kwa umeme. Si nyingi, ila zipo kwenye minada ya Japani, na mwagizaji akiambiwa mapema anaweza kuitafuta.

Sasa tuingie ndani. Watu saba wakipangwa kwenye gari, swali halisi ni nani anaketi safu ya tatu na anafikaje huko. Kwa kaya yetu ya Goba, bibi atakaa safu ya pili karibu na mlango, kiti cha mtoto kitakuwa upande wa pili wa safu hiyohiyo, na wanaobaki kwenda nyuma ni wale wa sekondari, wenye miguu mirefu. Kwenye Prado, ili mtu afike nyuma, lazima sehemu ya siti ya pili ikunjwe na kuinuliwa mbele. Kiti cha mtoto kikishafungwa hapo, upande huo hauwezi kukunjwa tena bila kukifungua. Upande wa pili ameketi bibi. Maana yake, kila kijana anapotaka kushuka shuleni, bibi ashuke kwanza. Nimeona familia zikigundua jambo hili baada ya kulipa.

Noah ya viti saba ina viti viwili vilivyoachana kwenye safu ya pili, na vijana hupita katikati bila kumsumbua mtu. Ile ya viti vinane ina siti ndefu katikati, na inarudisha sehemu ya tatizo la Prado. Basi kwa kaya yenye mzee na mtoto mdogo, gari la viti saba hubeba watu saba vizuri kuliko la viti vinane. Kagua hilo kwenye picha za ndani kabla ya kuagiza, kwa sababu majina ya matoleo huchanganya.

Urefu wa gari pia hudanganya. Prado ya kizazi cha 150 ina urefu wa takriban mita 4.76, na Noah ya 2007 hadi 2014 ni takriban mita 4.6. Kwa nje Prado ndiyo kubwa, lakini nafasi yake nyingi imeliwa na boneti ndefu, chesisi na ekseli nzima ya nyuma inayopita chini ya siti ya tatu. Sakafu ya hapo iko juu, hivyo mtu mrefu huketi magoti yakiwa karibu na kifua. Kwa safari ya shule inavumilika. Kwa safari ya Moshi ya zaidi ya kilomita 500, kijana wa futi sita ataanza kulalamika kabla ya Chalinze, na ana haki. Noah injini yake imesukumwa mbele kabisa, sakafu ni tambarare na paa liko juu, kwa hiyo watu saba wanagawana nafasi iliyo kubwa kweli.

Kuna jambo moja kuhusu uzito ambalo wanunuzi wachache hulijua. Kwenye nyaraka za Kijapani, uzito wa juu wa gari la abiria huhesabiwa kwa kuchukua uzito wa gari tupu na kuongeza kilo 55 kwa kila abiria. Noah ya viti saba imeruhusiwa kilo 385 za watu, na mizigo haimo kwenye hesabu hiyo. Watu wazima saba wenye wastani wa kilo 70 ni kilo 490. Bado hujaweka sanduku, ndoo ya unga wala mkungu wa ndizi wa kurudi nao. Gari halitavunjika, maana watengenezaji huacha akiba, lakini springi zitashuka, nyuma itakaa chini, na matuta ya barabarani yataanza kugusa uvungu. Uwazi wa Noah ikiwa tupu ni kama sentimita 16, na ikishajaa hupungua kwa kiasi cha kuonekana.

Hapo ndipo wengi hukimbilia gereji kuinua gari kwa vipande vinavyowekwa juu ya springi. Mimi sikushauri. Ukiinua gari sentimita tano, umemwongezea bibi sentimita tano za kupanda, na hivyo umelipunguzia gari sifa uliyolinunulia. Pia shafti za mbele hukaa kwa pembe kali kuliko zilivyopangiwa, na jointi zake huanza kugonga unapokata kona. Tiba nzuri ni kubadilisha springi na shokapu za nyuma zilizochoka, kuweka tairi za saizi sahihi, na kuzijaza upepo kama kibandiko kilichoko kwenye fremu ya mlango wa dereva kinavyosema. Magari mengi huja yakiwa yametembea miaka kumi na springi zilezile, na aliyezoea kuona Noah imekaa chini hudhani ndivyo ilivyozaliwa.

Mizigo ni tatizo la yote mawili. Siti zote saba zikiwa zimesimama, nyuma ya Noah panabaki nafasi ya mabegi machache yaliyosimamishwa wima, na nyuma ya Prado pembamba zaidi. Desturi ni kupandisha mizigo kwenye keria. Kwenye Prado, ambayo kitovu cha uzito wake tayari kiko juu, mzigo mzito juu ya paa huifanya iyumbe kwenye kona na kuwa rahisi kupinduka dereva akikwepa kitu ghafla. Weka juu vitu vyepesi tu, godoro au mabegi ya nguo, na mchele utume kwa basi siku moja kabla. Gharama ya kutuma kifurushi ni ndogo kuliko hatari unayoiondoa.

Kuhusu gharama, hesabu ya mafuta ndiyo rahisi. Tuseme kaya yetu inatembea kilomita 1,200 kwa mwezi, nyingi zikiwa za foleni, na petroli ni shilingi 3,000 kwa lita. Bei halisi utaipata kwenye tangazo la EWURA la kila mwezi, ila namba ya duara inarahisisha. Noah ya lita mbili ikiwa na afya hutoa kama kilomita 9 kwa lita mjini, hivyo itakunywa lita 133, takriban shilingi 400,000. Prado ya petroli ya lita 2.7 hutoa kama kilomita 6, hivyo itataka lita 200, shilingi 600,000. Tofauti ya shilingi 200,000 kwa mwezi ni milioni 2.4 kwa mwaka. Prado ya dizeli hupunguza pengo hilo sana, kwani hukaribia kilomita 8 kwa lita, lakini kwa kawaida huuzwa ghali kuliko ya petroli.

Tairi ni gharama inayosahaulika. Noah nyingi huvaa 195/65 R15, saizi ya magari madogo inayopatikana kila duka. Prado huvaa 265/65 R17 au zaidi, na seti moja inaweza kukugharimu mara mbili na kupita. Breki, bushi na shokapu hufuata mkondo huohuo, maana gari lenye uzito wa zaidi ya tani mbili hula vipuri vyake kulingana na uzito. Bandarini nako, injini ya Noah ina sentimita za ujazo 1,986, hivyo inabaki chini ya mpaka wa 2,000 ambao ukivukwa ushuru wa bidhaa hupanda. Prado ya 2,693 iko juu ya mpaka. Gari lililopita miaka minane tangu kutengenezwa huongezewa tozo ya uchakavu, na Prado yenye umri uleule huwa na thamani kubwa zaidi ya kukatiwa kodi na bima. Kinachoitetea Prado ni kwamba bei yake hushuka polepole, na siku ya kuuza utarudishiwa sehemu kubwa. Hata hivyo fedha hiyo imelala kwenye gari kwa miaka yote hiyo, wakati ada za shule hazilali.

Starehe nitaipitia haraka. Kwenye lami Noah ni tulivu, haiyumbi sana, na watoto hawatapiki. Kwenye makorongo Prado hupita pale Noah inapopaswa kutambaa. Kwa joto la Dar, hakikisha gari lolote utakalochagua lina matundu ya kiyoyozi ya nyuma yanayofanya kazi, kwa sababu madirisha ya safu ya tatu kwa kawaida hayafunguki. Kaa huko nyuma dakika kumi saa saba mchana injini ikiwa inanguruma. Kama hupati hewa baridi, wanao pia hawataipata.

Kila gari lina ugonjwa wake. Kwa Noah na Voxy za kizazi cha 2007 hadi 2014, angalia giaboksi ya CVT. Haina gia za kawaida, hutumia mkanda wa chuma kati ya puli mbili, na inataka mafuta yake maalumu. Wapo wanaoijaza mafuta ya giaboksi za kawaida kwa kuwa ni rahisi kupata, na hapo huanza kuiua. Liwashe gari, liache lipate moto, kisha lipeleke mlimani ukiwa na abiria. Ukiona injini inapiga kelele lakini mwendo hauongezeki, au gari linatetemeka likianza kuondoka, achana nalo. Baadhi ya injini zake zina mfumo wa kurekebisha vali uitwao Valvematic, na kifaa kinachouongoza kikifa, taa ya injini huwaka na nguvu hupotea. Ni kifaa cha bei kubwa. Usinunue pia Noah iliyowahi kubeba abiria wa kulipia kati ya Moshi na Arusha au vijijini. Utaitambua kwa siti zilizoshonwa upya, reli za mlango zilizolika na sakafu iliyokanyagwa hadi ikachakaa wakati dashibodi inaonyesha kilomita chache.

Kwa Prado za dizeli ya lita tatu, hasa za mwanzo wa kizazi cha 120, nozeli ndizo za kuogopwa. Liwashe asubuhi likiwa baridi kabisa. Mgongo mkali kama wa nyundo na moshi mweupe unaonuka dizeli ni dalili za nozeli zinazovuja, na nozeli ikiachwa ivuje inaweza kuua injini nzima. Muuzaji akiwa amelipasha gari moto kabla hujafika, rudi siku nyingine.

Kwa kaya ya Goba, hukumu yangu ni Noah au Voxy ya viti saba, kizazi cha 2014 kama fedha inaruhusu, ikiwa na springi nzima. Ile kilomita moja na nusu ya udongo itapitwa polepole, na siku chache za masika ambazo matope yamezidi wataliacha gari kwenye lami na kutembea, au bibi atabaki nyumbani siku hiyo. Hukumu hiyo ingebadilika kama barabara yao ingekuwa kilomita kumi za makorongo kila siku, au kama wangekuwa na shamba lisilofikika Handeni wanakokwenda kila wiki. Hapo uwazi wa sentimita 22 na magurudumu manne yanayovuta vingekuwa mahitaji ya kweli, nami ningesema wanunue Prado ya dizeli na wamtengenezee bibi kidato kipana kisichoteleza.

Kabla ya kulipa, ipeleke kaya nzima yadi. Fungeni kiti cha mtoto, mketi wote saba, funga milango, kisha mwombe kijana wa nyuma kabisa ashuke huku wengine wakiwa wamekaa. Mwache bibi apande na kushuka mwenyewe bila kushikwa, zaidi ya mara moja, na umuulize anaonaje. Asipoliweza gari hilo leo akiwa na nguvu zake, hataliweza mwaka kesho.